Mafundo na Vizindusho katika Skripti ya Video: Jinsi ya Kujua kama Kweli Vimewabakiza Watazamaji

Siku ya tatu baada ya kutoa video yetu ya mbabula, mwenzangu anayeshika kamera alinipigia simu akiwa ndani ya basi la kwenda Katuba, na neno lake la kwanza halikuwa salamu: «Yaya, mstari umepanda!» Alikuwa anaangalia mstari wa YouTube Studio unaoonyesha ni asilimia ngapi ya watazamaji bado wapo katika kila sekunde ya video. Mstari huo ulikuwa umeporomoka kuanzia dakika ya 2:40, ukafika chini kabisa saa 3:20, kisha ukainuka ghafla saa 3:25, mahali pale pale ambapo mimi, kama mwandishi wa skripti, nilikuwa nimepanga mashine ya kukata chuma inyamaze na fundi aseme neno. Tuliamini kwa wiki mbili kwamba neno lile liliwarudisha watu waliokuwa wanaondoka. Baadaye nilipozikalia namba vizuri nikakuta kwamba neno la fundi lilifanya kazi kweli, lakini si kazi ile tuliyoisifia, na kwamba ule mwinuko uliotufurahisha ulikuwa unasema jambo lingine kabisa.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuyatenganisha mambo hayo mawili. Nitatumia video hiyo hiyo kama mfano tangu mwanzo hadi mwisho. Ina urefu wa dakika 8 na sekunde 20, na nilipochukua namba zake ilikuwa imetazamwa mara 2,600.

Fundo na kizindusho

Fundo, kwa maana ninayoitumia hapa, ni swali ambalo skripti inalifunga akilini mwa mtazamaji na kuliacha bila jibu kwa muda. Wanaosoma riwaya wanaijua hali hiyo kwa jina la taharuki, na bibi zetu waliijua kwa kuitega: ukishasema «kitendawili» na wengine wakajibu «tega», hakuna anayeondoka kabla hujataja jibu. Katika video ya mbabula, fundo kubwa lilifungwa sekunde ya 18. Mbabula mbili zilikuwa zimewekwa pamoja, ya zamani na ile mpya ya fundi, kila moja imepimiwa kilo moja ya makala na kuwekewa sufuria ya maji lita tatu. Sauti ikasema kwamba maji yote mawili yakishachemka na bukari ikishaiva, makala yatakayobaki yatawekwa kwenye mizani. Jibu lilitolewa saa 7:05: mbabula ya zamani ilibakiza gramu 310, mpya ikabakiza gramu 540.

Fundo la namna hiyo hushika kwa sababu mtazamaji anaweza kubahatisha. Mama anayenunua gunia la makala kila mwezi ana maoni yake tayari kuhusu kilo moja ya makala, na anataka kujua kama maoni hayo ni sahihi. Linganisha na sentensi ambayo tulikuwa tukiiandika zamani, «kaa nami hadi mwisho, kuna jambo litakalokushangaza». Hiyo haifungi chochote, kwa kuwa mtazamaji hana kitu cha kubahatisha.

Kizindusho ni kitu kingine. Ni badiliko la ghafla katika sauti, picha au mwendo wa maneno, linalomtoa mtazamaji katika usingizi wa mazoea. Halimwahidi lolote, linamzindua tu. Mashine inayonguruma kwa sekunde 40 kisha ikanyamaza ni kizindusho. Picha inayorukia karibu ghafla huku muziki ukilia nayo ni kizindusho, ingawa katika miji yetu mimi naiamini kidogo. Watazamaji wetu wengi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi wanaokoa mega, kwa hiyo wanatazama kwa ubora wa chini kabisa, na hapo picha iliyorukia karibu inaonekana kama ukungu juu ya ukungu mwingine. Sauti haiharibiki kiasi hicho. Ndiyo maana vizindusho ninavyovitegemea ni vya sikio.

Mstari unapanda kwa njia zipi

Kabla ya kupima chochote ni lazima kuelewa kwamba mstari huu hauhesabu watu waliokaa mfululizo. Kwa kila kipande cha video unahesabu mara ambazo kipande hicho kilitazamwa, kisha unagawanya kwa idadi ya mara ambazo video yote ilifunguliwa. Anayerudisha nyuma na kutazama kipande mara mbili anahesabiwa mara mbili, na kwa sababu hiyo sehemu za mwanzo zinaweza kuzidi asilimia 100. Anayeruka mbele kwa kugonga skrini mara mbili hahesabiwi katika sekunde alizoruka, lakini anahesabiwa tena pale anapotua.

Kutokana na hilo, mtu aliyefunga video na kwenda zake hawezi kuuinua mstari. Mwinuko unaletwa na watu wa aina tatu tu: walioruka mbele wakatua hapo, waliorudisha nyuma ili waone tena, na walioanzia hapo moja kwa moja kwa sababu walitumiwa kiungo chenye muda ndani yake. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyekuwa ameondoka kisha akarudishwa na maneno ya skripti. Kwa hiyo bonde linalofuatwa na mwinuko linasema kwanza kwamba watu waliruka sehemu fulani na wakaona mahali pazuri pa kutua.

Kizindusho kilichofaulu kwa maana ya kubakiza watu hakionekani kama kilima. Kinaonekana kama mteremko uliolegea: mstari uliokuwa ukishuka kwa kasi unaanza kushuka polepole. Hilo si jambo la kupigiwa simu ndani ya basi, na jicho hulipita kwa urahisi, ndiyo maana linahitaji hesabu.

Hatua ya kwanza: weka alama kabla ya kuona mstari

Video ikishahaririwa, na kabla ya kuitoa, andika kwenye daftari kila fundo na kila kizindusho kwa sekunde yake halisi. Usitumie muda uliokuwa kwenye skripti, kwa kuwa uhariri huusogeza. Pembeni ya kila alama andika unachotarajia. Daftari langu la video ya mbabula lilikuwa na mistari minne tu: 0:18, fundo la makala; 3:25, mashine inanyamaza na fundi anasema «Hapa ndipo nilipoharibu ya kwanza, papa», fundo dogo litakalofunguliwa 4:10; 5:30, picha inarukia karibu kwa muziki; 7:05, mizani, fundo kubwa linafunguliwa.

Kuandika mapema kunazuia kosa ambalo kila mtu hulifanya, nalo ni kuangalia mstari kwanza, kuona kilima, kisha kurudi kwenye video kutafuta jambo lolote lililo karibu na kilima hicho na kuliita sababu. Katika video yenye mabadiliko kila baada ya sekunde chache, jambo la kusingizia halikosekani kamwe.

Siku hiyo hiyo chagua pia nyakati tano zisizo na kitu, yaani nyakati za kawaida ambazo hukuzipangia chochote, uziandike chini ya alama zako. Zitakuwa kipimo chako cha bahati.

Hatua ya pili: pata namba, si picha

Mstari huchukua siku moja au mbili kuandaliwa na YouTube, na saa za kwanza hutawaliwa na wafuasi wako, ambao ni wavumilivu kuliko watu watakaokuja baadaye kwa kutafuta. Mimi nasubiri siku kumi na nne, na nachukua namba mara moja tu.

Anayetumia simu anaweza kuugusa mstari nukta kwa nukta na kuandika kwenye karatasi, kazi ya nusu saa hivi. Anayeweza kutumia huduma ya data ya YouTube Analytics anapata nukta 100 kwa ombi moja, akiweka tarehe zake na kitambulisho cha video:

```
ids=channel==MINE
dimensions=elapsedVideoTimeRatio
metrics=audienceWatchRatio,stoppedWatching
filters=video==KITAMBULISHO
```

Namba ya kwanza, `audienceWatchRatio`, ndiyo mstari wenyewe. Ya pili, `stoppedWatching`, ni hazina ambayo watu wengi hawaijui: inahesabu mara ambazo kipande fulani kilikuwa cha mwisho kutazamwa, yaani mara ambazo mtu aliondokea hapo kweli. Tutaihitaji punde.

Nukta ni 100 kwa video yoyote, iwe fupi au ndefu, na hilo linaweka mpaka wa unachoweza kukiona. Video yetu ina sekunde 500, kwa hiyo kila nukta inabeba sekunde tano. Vizindusho viwili vilivyopishana kwa sekunde nne vinaangukia nukta moja, na hakuna hesabu itakayovitenganisha. Katika video ya nusu saa kila nukta inabeba sekunde 18, na hapo inafaa kupima mafundo makubwa tu.

Zipange nukta kwenye jedwali, kichwa kikiwa mstari wa kwanza, ili nukta ya kwanza ikae B2 na ya mwisho B101. Kwetu, saa 1:40 iko B21, saa 2:40 iko B33, saa 3:25 iko B42, na saa 4:25 iko B54.

Hatua ya tatu: ndani ya bonde, waliondoka au waliruka?

Saa 1:40 tulikuwa na asilimia 58, saa 2:40 asilimia 52. Hapo ndipo fundi alipoanza kupima bati kwa rula, kuchora kwa chaki na kukata, kazi ndefu ambayo mimi niliiacha yote kwa kuogopa kwamba anayetaka kujifunza angekosa kitu. Saa 3:20 mstari ulikuwa asilimia 41. Saa 3:25 ukawa 46.

Swali la kwanza ni hili: kama bonde lisingekuwapo, mstari ungekuwa wapi saa 3:25? Chukua kasi ya dakika moja kabla ya bonde, uiendeleze kwa sekunde 45 zilizofuata:

```
=B33*(B33/B21)^(45/60)
```

Jibu ni karibu asilimia 48. Kwa hiyo, hata bila ile sehemu ndefu ya kupima bati, tungepoteza pointi nne hivi kwa mwendo wa kawaida. Tulitua kwenye 46, yaani hasara halisi ya sehemu ile ilikuwa pointi mbili. Pointi nyingine tano, zile zilizofanya bonde lionekane la kutisha na kisha zikafanya mwinuko uonekane wa ajabu, zilikuwa za watu walioruka kupima bati na kutua mbele.

Hesabu hiyo ni ya kukisia, na hapa ndipo `stoppedWatching` inapokuja kuthibitisha. Kushuka kwa pointi 11 kati ya watazamaji 2,600 ni sawa na watu 286. Nilipojumlisha walioondokea katika nukta za kati ya 2:40 na 3:20 nilipata 158. Waliobaki, 128, hawakuondoka popote, waliruka tu. Na 128 ni karibu sana na zile pointi tano zilizorudi, ambazo ni watu 130. Namba haziwezi kulingana kikamilifu siku zote, kwa kuwa wapo wanaorudisha nyuma, lakini zikikaribiana kiasi hiki habari imekwisha: mashine iliyonyamaza haikumrudisha mtu, ilikuwa alama ya kutua. Aliyekuwa akiruka sekunde kumi kumi alisikia kimya, akajua kukata kumekwisha, akaacha kuruka.

Kama ungekuta kinyume chake, yaani walioondoka wanakaribia ukubwa wa bonde lote na mstari bado unapanda, basi watu wengine wanaingia. Angalia kama umeweka sura zenye muda katika maelezo ya video, au kama mtu ametawanya kiungo chenye sekunde ndani yake.

Hatua ya nne: pima mteremko wa kabla na wa baada

Sasa tuje kwenye kazi halisi ya kizindusho. Usipime kwa pointi, pima kwa sehemu ya waliokuwapo. Kupoteza pointi tatu ukiwa na asilimia 60 si sawa na kupoteza pointi tatu ukiwa na asilimia 30, maana mara ya pili umepoteza mtu mmoja kati ya kumi. Dakika kabla ya bonde, na dakika baada ya kizindusho:

```
=1-B33/B21
=1-B54/B42
```

Ya kwanza inatoa asilimia 10.3. Ya pili, ambako mstari ulitoka 46 saa 3:25 ukafika 44 saa 4:25, inatoa asilimia 4.3. Tazama kwamba dirisha la pili linaanza baada ya mwinuko kukamilika. Ukilianzisha saa 3:20, kwenye 41, utapata kwamba ulipata watu badala ya kupoteza, na utakuwa umewahesabu walioruka kana kwamba ni mavuno ya skripti. Kosa hili nililifanya mimi mwenyewe katika jedwali la kwanza.

Kutoka 10.3 hadi 4.3 kunaonekana kukubwa, lakini usikubali haraka, kwa kuwa mteremko hulegea wenyewe. Wasiokuwa na hamu huondoka mapema, na kadiri video inavyokwenda wanaobaki ni wale wagumu kuondoka. Zaidi ya hayo, mara baada ya bonde lolote waliokuwa karibu kuondoka wameshaondoka, kwa hiyo dakika inayofuata ingekuwa tulivu hata kama fundi angesimama tu akijifuta jasho. Kuna njia mbili za kujikinga, nami natumia zote.

Ya kwanza ni zile nyakati tano zisizo na kitu. Fanya hesabu ile ile ya dakika kabla na dakika baada kwa kila moja. Kwetu tofauti zilikuwa kati ya pointi tatu za kulegea na mbili za kukaza. Kizindusho cha 3:25 kilitoa sita. Ya pili ni video zako za zamani zenye urefu unaokaribiana: dakika inayoanzia 3:25 katika video zetu sita zilizotangulia ilipoteza wastani wa asilimia 8, na iliyofanya vizuri kuliko zote ilipoteza 6.4. YouTube Studio yenyewe huchora ukanda wa kulinganisha na video zako za karibuni zenye urefu kama huo, ambao unafaa kwa mtazamo wa haraka, ila hauwezi kukuambia lolote kuhusu dakika moja mahususi.

Mwisho, geuza asilimia kuwa watu. Asilimia 46 ya 2,600 ni watu 1,196. Kupoteza asilimia 8 ingekuwa watu 96, sisi tulipoteza 52. Bahati peke yake hucheza kwa ukubwa wa karibu kipeuo cha pili cha idadi, yaani kumi hivi kwa 96, na mimi sichukulii tofauti kuwa ya kweli mpaka izidi mara mbili ya hapo. Tofauti yetu ni 44. Hii inapita. Lakini video hiyo hiyo ingekuwa na watazamaji 200, waliofika 3:25 wangekuwa 92, na tungelinganisha watu saba na watu wanne. Hapo hakuna cha kusema, na anayesema anajidanganya.

Kwa nini ilifaulu? Naamini kimya peke yake kisingetosha. Kilifuatwa mara moja na fundo dogo, «hapa ndipo nilipoharibu ya kwanza», na fundi akanyanyua kipande cha bati kilichokatwa vibaya, matundu ya hewa yakiwa juu ya wavu badala ya chini yake. Kizindusho kilifungua masikio, fundo likawapa sababu ya kuyaacha wazi. Ushahidi wangu ni kizindusho cha 5:30, ambacho hakikuwa na fundo lolote nyuma yake. Saa 5:00 tulikuwa na asilimia 42, saa 5:30 asilimia 40.5, saa 6:00 asilimia 39. Nusu dakika ya kabla ilipoteza asilimia 3.6 ya waliokuwapo, ya baada ikapoteza 3.7. Mwenzangu alitumia karibu saa nzima kuuhariri muziki ule. Mstari haukujua kwamba upo.

Hatua ya tano: alama ya fundo kubwa iko mahali pengine

Fundo halipimwi pale linapofungwa. Saa 0:18 mstari wa kila video unaporomoka, kwa kuwa ndipo watu wanapoamua kama wamekuja mahali sahihi, na fundo zuri na fundo bovu yanafanana hapo. Alama yake iko pale linapofunguliwa. Saa 6:55 tulikuwa na asilimia 36, saa 7:10 tukawa na 44, kiwango ambacho mara ya mwisho tulikuwa nacho saa 4:25. Watu waliruka kutoka mbali kuja kuiona mizani.

Kilima cha aina hii kina habari mbili, njema na mbaya, na ni vizuri kuzisoma pamoja. Njema ni kwamba swali lilishika: mtu haruki kwenda kutafuta jibu la swali asilolijali. Mbaya ni kwamba waliotaka jibu hawakuona sababu ya kupitia katikati. Fundo liliwashika, lakini skripti haikuwapa kitu njiani, wakalivuka kama mto kwa jiwe moja na jingine. Fundo lililofaulu kabisa halina kilima kirefu mwishoni, lina mstari uliolala kabla yake, kwa kuwa wanaolitaka jibu wamekaa wakilisubiri.

Hapa lakini ni lazima nikiri uzembe wangu. Katika maelezo ya video nilikuwa nimeweka sura, na ya mwisho niliiandika «7:05 Matokeo». Nilimwonyesha mtazamaji mlango kisha nikashangaa alipopita. Kwa hiyo sehemu fulani ya zile pointi nane ni ya fundo na sehemu nyingine ni ya sura, na hakuna namna ya kuzigawa. Kwa video unayotaka kuipima, ama usiweke sura kabisa, ama zianze mbali na alama zako. Kumbuka kwamba YouTube huzitambua sura pale orodha inapoanza na 00:00 na kuwa na nyakati tatu au zaidi, kwa hiyo muda mmoja ulioandikwa peke yake hautengenezi sura, ila bado unabonyezwa kama kiungo.

Baada ya mizani mstari ulianguka kutoka 44 hadi 29 katika nusu dakika, na `stoppedWatching` ikapanda hapo hapo. Hilo si bonde la kutibiwa. Fundo limefunguliwa, watu wamepata walichokifuata. Kosa lilikuwa letu la kuongea dakika nzima baada ya jibu.

Tulichobadilisha katika skripti iliyofuata

Video iliyofuata ilihusu jiko la kuokea maandazi lililotengenezwa kwa pipa. Mabadiliko yalikuwa matatu, kila moja likitoka kwenye namba moja.

Kizindusho kilisogezwa mbele. Katika mbabula kilikuja sekunde 45 baada ya watu kuanza kuruka, yaani kiliwapokea badala ya kuwazuia. Sasa ninatafuta katika video za zamani nukta ambako aina fulani ya kazi, kupima au kuchomelea, huanza kuvunja mstari, na ninaweka kizindusho sekunde kumi hadi kumi na tano kabla ya hapo. Kazi ndefu ya kukata bati ikapunguzwa kutoka sekunde 40 hadi 15, na vipimo vyote vikaandikwa katika maelezo kwa anayetaka kutengeneza.

Fundo likalipwa kwa awamu. Badala ya mizani moja mwishoni, makala yalipimwa mara tatu: maandazi ya kwanza yalipotoka, katikati, na mwisho. Kila kipimo kilijibu nusu ya swali na kuuliza nusu nyingine, kwa mfano jiko lilipotumia makala mengi kuliko tulivyodhani katika awamu ya kwanza kwa sababu pipa lenyewe lilikuwa bado baridi.

Na sura zikaondolewa. Kilima cha mwisho kikawa cha pointi tatu badala ya nane, huku dakika mbili zilizokitangulia zikikaa juu ya video zetu zote sita za mwanzo. Siwezi kusema ni kiasi gani cha hilo kilitokana na mizani tatu na kiasi gani na sura zilizoondoka, kwa kuwa nilibadilisha yote kwa pamoja; video ya tatu itarudisha sura na kuziacha mizani zilivyo. Bonde la kukata bati lilibaki, fupi zaidi, na ndani yake walioondoka walikuwa wengi kuliko walioruka, kinyume cha mara ya kwanza. Nilimwambia fundi kwamba safari ijayo tutaanza na bati lililokwisha kukatwa. Akanijibu, «Basi watasema bati langu linajikata lenyewe», akataka angalau sekunde tano za mashine ibaki. Tukakubaliana kwenye tano, ambazo kwa video ya urefu ule ni nukta moja.